Rasimu ya saa saba usiku

Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa pili mwaka jana, hapa Kibosho, akitoka kukata majani ya ng'ombe. Upande wa kushoto ulilegea wote, na tangu hapo anameza kwa shida. Alipotoka hospitali, muuguzi mmoja alitukalisha mimi na mke wangu akatuonyesha namna ya kumgeuza kitandani. Alisema mgonjwa asiyeweza kujigeuza mwenyewe asilale upande mmoja zaidi ya saa mbili, la sivyo ngozi ya nyonga, mgongo na visigino itaanza kuwa nyekundu, kisha itachubuka, kisha kidonda kitaingia ndani. Tukaweka kengele kwenye simu: saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Mke wangu akachukua zamu ya saa nne na ya alfajiri, mimi nikachukua hizo tatu za katikati.

Nalieleza hili mwanzoni kwa sababu ndilo lililozaa ujumbe ninaotaka kuusimulia. Mtu anayelala kwa vipande vya saa mbili mbili kwa miezi minane si mtu wa kuachiwa simu mkononi saa saba usiku.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, binamu yetu mmoja alipita kumsalimu mama, akampiga picha, akaiweka kwenye grupu la ukoo. Tuko watu 31 mle ndani: baba wadogo, mashangazi, watoto wao, mpaka wakwe. Saa tatu usiku kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, akajibu kwa ujumbe wa sauti. Aliongea sekunde ishirini hivi. Alisema, "Mama amekonda hivyo? Hivi huko mnamlisha nini? Hebu muwe siriasi na mgonjwa, jamani."

Mke wangu aliusikia akiwa ameshika bakuli la mtori na kijiko, katikati ya kumlisha. Hakusema neno. Alimalizia kumlisha mama, akaosha bakuli, akaenda kulala bila kula.

Mimi ni mtoto wa mwisho wa kiume. Kwa desturi yetu Wachaga, kihamba cha baba, yaani shamba la nyumbani, hubaki kwa mtoto wa mwisho, naye ndiye anayebaki na wazazi. Kwa hiyo kuna watu kwenye ukoo wanaona kwamba kumtunza mama ni kama kodi ninayolipia kihamba, na mwenye kulipa kodi hapewi pole. Hilo nalo lilikuwa linachemka ndani yangu siku nyingi. Baada ya kumgeuza mama saa sita nikakaa jikoni, moto umeshazimika, nikaanza kuandika. Niliandika karibu saa nzima na nusu.

Lakini sikuandika kwenye kisanduku cha WhatsApp. Hii ni kanuni niliyoilipia gharama kubwa, na naomba niieleze kwanza.

Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa na kumbukumbu ya kifo cha baba. Dada yetu anayeishi Arusha ndiye aliyekuwa ameshika michango, na hesabu hazikunikaa sawa. Saa tano usiku nikafungua grupu lile lile, nikaandika mle mle, na kidole kikaenda kwenye kutuma kabla akili haijafika. Asubuhi saa kumi na mbili nikaufuta kwa wote. WhatsApp inakuruhusu kufuta kwa wote kwa siku mbili na kitu, na inakuruhusu kuhariri ndani ya dakika 15 za mwanzo. Watu wengi wanazitegemea njia hizo mbili kama breki. Si breki. Ukifuta, inabaki alama kwamba kulikuwa na ujumbe uliofutwa, na kila asiyeusoma anamuuliza aliyeusoma. Ukihariri, inaonekana umehariri. Na mimi, kabla sijaamka, mtu alikuwa ameshapiga skrinshoti akamtumia dada. Hakuongea nami miezi minane. Ilibidi nimwombe baba mdogo anisindikize mpaka kwake, mtaa wa Sakina, tukiwa na jani la isale mkononi, kama wazee wetu walivyoomba radhi. Alilipokea. Lakini tangu siku ile akinipigia simu huanza kwa kuuliza, "Uko na nafasi?", kama anavyowauliza watu baki.

Tangu wakati huo, ninapoandika nikiwa na hasira, naandika kwenye daftari la simu, mahali ambapo hakuna kitufe cha kutuma, na juu siandiki jina la mtu. Wengine wanajitumia wenyewe kwenye namba yao wenyewe. Nilijaribu hivyo, nikaacha, kwa sababu kutoka kwenye dirisha lako mwenyewe hadi kwenye dirisha la ndugu yako ni miguso miwili tu.

Basi usiku ule niliandika maneno yapata 430. Siwezi kuyaweka yote hapa, lakini kipande hiki kinatosha kuonyesha yalivyokuwa:

"Kaka umetudhalilisha mbele ya ukoo mzima. Wewe siku zote unajifanya bosi wa kutoa amri toka mbali. Tangu Pasaka hujatuma hata senti, leo ndio unajua mama amekonda? Mama analia kila siku akikutaja, wewe huna habari. Tangu uoe umebadilika kabisa, hata shangazi anasema. Mimi nimechoka. Kwani wewe huwezi kulala hapa hata wiki moja ukaona? Nimechoka kaka. Kihamba mtakuja kukitaka wote siku mama akifa, lakini leo ni mimi na mke wangu tu. Mnamlisha nini! Uliza kwanza unamlisha nini wewe. Nimechoka na nyie."

Nilikuwa bado naandika kengele ya saa nane ilipolia. Nikaiweka simu chini nikaenda kumgeuza mama. Aliamka kidogo, akaniuliza kwa ile sauti yake ya sasa, "Hujalala?" Nikamwambia nimelala. Niliporudi jikoni hamu ya kuandika ilikuwa imepungua, nikalala.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Nilipoamka nilikuwa na aibu ya yale maneno, na jambo la kwanza lililonijia ni kuyafuta. Nashukuru sikufanya hivyo. Kama ningefuta, ningebaki na mambo mawili tu ya kuchagua: kunyamaza, au kumwandikia kaka ujumbe wa adabu usio na kitu ndani. Kwa uzoefu wangu rasimu ya usiku ina kitu ambacho asubuhi huwezi kukipata tena, kwa sababu asubuhi umeshavaa heshima zako zote. Usiku unajua unachohitaji, ila hujui kukiomba.

Nilikunywa chai kwanza. Sikuisoma kitandani wala njaa ikiwa tumboni, maana mara ya kwanza kuisoma moyo hurudi pale pale ulipokuwa. Nikachukua daftari la kaunta la mwanangu, nikakaa nje chini ya migomba, nikanakili rasimu yote kwa kalamu, kila sentensi kwenye mstari wake. Zilitoka sentensi 41. Kunakili kwa mkono kunachosha, na huko kuchosha ndiko kunakosaidia: kuna sentensi niliona uvivu hata kuiandika mara ya pili, nikajua yenyewe haina kazi.

Halafu pembeni ya kila mstari nikaweka herufi. T kwa tukio, yaani jambo lililotokea ambalo hata kaka mwenyewe akiulizwa hawezi kulikana. H kwa hukumu, yaani ninachosema juu ya moyo wake, tabia yake au nia yake. O kwa ombi. Nilipomaliza nikahesabu: T zilikuwa 9, H zilikuwa 31, na O ilikuwa moja.

Namba hizo zilinikalisha kimya. Nilikuwa nimeandika saa nzima na nusu, na kwa kaka nilikuwa nataka kitu kimoja tu, tena hicho kimoja nilikuwa nimekificha ndani ya tusi: "Kwani wewe huwezi kulala hapa hata wiki moja ukaona?" Ukiitoa ile "kwani wewe" na ile "ukaona", kinachobaki ni ombi la mtu mzima kwa kaka yake: njoo ulale hapa wiki moja. Tena neno "nimechoka" lilikuwa limejirudia mara sita kwenye rasimu, na neno "hela" mara moja. Miezi yote ile nilikuwa naamini nina ugomvi na kaka kuhusu hela. Rasimu yangu mwenyewe ilikuwa inaniambia kwamba nahitaji usingizi.

Kwa hiyo nikitoa shauri moja kwa mwenye rasimu ya namna hii, ni kwamba aangalie neno linalojirudia, na aangalie maswali. Maswali ya hasira, yale ya "kwani wewe huwezi" na "hivi unafikiri", mara nyingi yana ombi ndani yake ambalo mwandishi aliona aibu kuliomba.

Baada ya hapo nilirudi kwenye zile T tisa, nikazichunguza moja moja kama ni kweli. Hii ndiyo sehemu iliyoniuma zaidi. Niliandika "tangu Pasaka hujatuma hata senti". Nikafungua meseji za miamala kwenye simu, nikatafuta jina lake. Tangu mama augue alikuwa ametuma mara tano, jumla shilingi 550,000, na ya mwisho ilikuwa mwezi wa tisa. Si nyingi ukilinganisha na mahitaji. Msichana anayetusaidia mchana peke yake tunamlipa 80,000 kwa mwezi, bado pampasi, bado dawa za presha, bado gari la kumpeleka kliniki kwa sababu hawezi kupanda Hiace. Lakini 550,000 si "hata senti". Ningetuma sentensi ile, kaka angenijibu kwa skrinshoti tano za miamala, na mazungumzo yote yangekuwa juu ya uongo wangu. Mama angesahaulika hapo hapo.

Niliandika pia kwamba mama analia kila siku akimtaja. Alilia mara moja, mwezi wa saba. Zile T zangu tisa zikashuka zikawa sita. Ukikagua rasimu yako, anza na maneno kama "siku zote", "kila siku", "hata mara moja", "hujawahi". Kwenye rasimu yangu, kila palipokuwa na neno la namna hiyo palikuwa na uongo, na mwenye kusomewa huuona mapema kuliko mwandishi.

Zile hukumu 31 sikuzifuta kwa mkupuo. Nilijiuliza kwa kila moja: chini ya hukumu hii kuna tukio gani? "Umetudhalilisha" ilikuwa na tukio chini yake: aliuliza swali lile mbele ya watu 31, na mke wangu alilisikia akiwa anamlisha mama. Hilo ni tukio, nikalihamisha. "Unajifanya bosi" nilipoichimba nikakuta ni tukio lile lile limevaa nguo nyingine. "Tangu uoe umebadilika" haikuwa na kitu chini yake. Hiyo ilikuwa ya kumwumiza tu, na neno linalomgusa shemeji halirudi mdomoni hata kwa jani la isale. "Hata shangazi anasema" niliitoa kwa sababu shangazi hakunituma, na ningemwingiza mama wa watu kwenye kesi asiyoijua.

Habari ya kihamba nayo niliitoa, ingawa ilikuwa na ukweli ndani yake. Kihamba kinaongelewa na wazee mmekaa, mkiangaliana. Ukikiweka kwenye ujumbe wa simu pamoja na habari ya mtori na kukonda, kila kingine kitasomwa kwa jicho la urithi. Ningeomba kaka aje kumgeuza mama usiku, yeye angesoma kwamba namfukuza kwenye ardhi ya baba yake.

Sasa, hapa nikafanya kosa la upande wa pili, na naamini wengi tunalifanya asubuhi. Baada ya kutoa hukumu zote niliingiwa na hofu, nikaandika hivi:

"Shikamoo kaka. Habari za huko? Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Tumepokea ushauri wako kuhusu lishe na tutaufanyia kazi. Tukipata nafasi tuongee. Ubarikiwe."

Nilimpa mke wangu asome. Alisoma, akanirudishia simu, akasema, "Hapa umemsalimia tu. Hujamwambia kitu." Nikamwambia sitaki ugomvi. Akasema, "Basi na mimi niendelee kuamka saa kumi na mbili mpaka lini?"

Alikuwa na haki. Ujumbe ule ulikuwa na adabu lakini ulikuwa na uongo mwingi kuliko ule wa usiku. Mama hakuwa anaendelea vizuri. Sikuwa nimekubali ushauri wake wa lishe. Na ombi langu moja lilikuwa limepotea kabisa. Ujumbe wa namna hiyo ukiutuma unajiona umefanya ustaarabu, kisha baada ya mwezi mmoja unaandika rasimu nyingine usiku, kali kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa una hasira na yeye kwa kutokuelewa kitu ambacho hukumwambia.

Nikarudi chini ya migomba. Safari hii nilianza kwa kuandika ombi, kwenye mstari wa katikati ya ukurasa, halafu nikajiuliza kaka anahitaji kujua nini kabla ya kulifikia. Alikuwa ameuliza swali. Hata kama aliliuliza vibaya, lilikuwa swali: mama amekonda, anakula nini? Usipomjibu mtu swali lake, hasikii lako. Kwa hiyo jibu likatangulia, likiwa na mambo anayoweza kuyathibitisha. Kisha maumivu, kwa sentensi moja tu, yakiwa yameshikana na tukio. Kisha ombi, likiwa na idadi ya siku na tarehe ya kujibu. Ujumbe niliotuma ni huu:

"Shikamoo kaka. Naamini mmeamka salama, shemeji na watoto hawajambo.

Nimeusikia ujumbe wako wa jana. Ni kweli mama amepungua. Tangu alipougua anameza kwa shida, kwa hiyo anakula mtori na uji laini, kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Daktari alimwona tarehe 14, tunarudi tarehe 11 mwezi ujao. Kuulizwa mbele ya ukoo tunamlisha nini kuliniumiza, na kulimuumiza zaidi mke wangu, maana aliusikia akiwa anamlisha.

Kaka, nina ombi moja. Mama anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, asipate vidonda. Usiku tunapokezana mimi na mke wangu tangu mwezi wa tatu, na tumechoka sana. Naomba Desemba uje mapema, ukae siku kumi, na zamu za usiku ziwe zako. Nitakufundisha.

Naomba unijibu kabla ya tarehe 10 kama itawezekana na kuanzia lini, ili mke wangu apange kwenda kwao kupumzika. Habari ya hela tutaiongea siku nyingine."

Kabla ya kutuma niliusoma kwa sauti, lakini nikijifanya mimi ni kaka. Nilimfikiria yuko kwenye foleni pale Ubungo, simu kwenye paja, anasoma huku jua linawaka. Kwenye sentensi ya kuchoka nilikuwa nimeandika "tumechoka sana wakati nyie mnalala". Kwa sauti yake nilisikia kabisa jibu: "Nani kakwambia nalala?" Nikakata yale maneno matatu ya mwisho. Hayakuongeza habari yoyote, yalikuwa mkia wa rasimu ya usiku uliobaki mlangoni. Kusoma kwa sauti ya mwandikiwa ndiko kunakoonyesha mikia hiyo, macho yako mwenyewe huipita.

Kipande cha "habari ya hela" nacho nilisita nacho. Nilikiacha kwa sababu bila hicho angedhani ombi la siku kumi ni njia ya kuzunguka ili nidai hela mwishoni. Nilitaka ajue kwamba ombi ni hilo hilo.

Niliutuma kwake peke yake, saa tatu asubuhi. Jumamosi saa hiyo ameamka, ameoga, na hajaingia kwenye shughuli. Kwenye grupu niliandika mstari mmoja tu: "Asante kaka kwa kumfikiria mama, nimekuandikia pembeni." Grupu halikuhitaji kujua zaidi, lakini nisingeandika kitu, ukimya wangu ungesomwa na watu 30 na kila mmoja angeupa tafsiri yake.

Tiki zikawa bluu saa tatu na dakika kumi. Kisha kimya. Saa nne, saa sita, saa tisa. Hakuna anayekuambia kwamba sehemu hii ni ngumu kuliko kuandika. Mchana ule nilitunga kichwani nyongeza tatu: "Naona umesoma", "Kama haiwezekani sema tu", na ya tatu sitaki hata kuikumbuka. Yoyote kati ya hizo ingefuta kazi ya asubuhi yote, kwa sababu ukituma ujumbe mzuri ukaufuatisha na kijembe, kinachojibiwa ni kijembe. Nilikuwa nimempa hadi tarehe 10, na nilitakiwa kuiheshimu tarehe yangu mwenyewe. Niliziandika nyongeza zile kwenye lile daftari, nikaenda kusafisha mfongo, ule mfereji wa maji, uliokuwa umezibwa na majani ya mvua za vuli.

Alijibu saa moja jioni, kwa maandishi: "Marahaba. Kumgeuza usiku ndiyo kufanyaje? Si mlikuwa mnasema anaendelea vizuri?"

Nilikasirika nusu dakika. Kisha nikafungua grupu nikapanda juu, juu, mpaka mwezi wa tatu. Kila alipouliza mtu hali ya mama, mimi ndiye niliyejibu, na nilikuwa nimejibu "anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu" mara 14. Hakuna hata mara moja niliyoandika kwamba hawezi kujigeuza. Hakuna niliyoandika kwamba anameza kwa shida. Kaka alikuja Pasaka siku mbili, akamkuta mama amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa kitenge kizuri, akala naye, akaondoka. Halafu miezi sita baadaye akaona picha ile. Ule ujumbe wake wa sauti ulikuwa na ukali, lakini pia ulikuwa mshtuko wa mtu aliyeambiwa mara 14 kwamba mambo ni mazuri.

Lau ningetuma ile rasimu ya saa saba, hilo swali asingeliuliza. Hakuna mtu anayeuliza "ndiyo kufanyaje" akiwa ametukanwa.

Nilimpigia, tukaongea dakika arobaini. Nilimweleza mto wa mgongoni, mto wa katikati ya magoti, namna ya kutomvuta kwa bega lile lililolegea. Alikubali kuja tarehe 13 Desemba. Hakuomba radhi kwa ule ujumbe wa sauti, na mpaka leo hajaomba. Mke wangu bado anaukumbuka. Hela nayo bado ina mivutano yake, tuliiongea Januari na hatukufika mwisho. Sitaki mtu adhani kwamba ukiandika vizuri kila kitu kinanyooka. Nilipata kile kimoja nilichoomba.

Kuna mambo mawili nisingependa mtu ayachanganye na haya. Mgonjwa akizidiwa usiku, au kuna mtu yuko hatarini, usisubiri asubuhi wala usihariri chochote, piga simu hapo hapo. Na kuna rasimu ambazo ukizipangia herufi unakuta hazina hata O moja. Nina mbili za namna hiyo kwenye daftari, moja inamhusu jirani na moja marehemu baba. Hizo sikuzituma kwa mtu. Kama hakuna unachoomba, hakuna ujumbe, kuna maumivu tu, na hayo niliyapeleka kwa baba mdogo, tukakaa naye jioni mbili.

Kaka alishuka stendi ya Moshi tarehe 13 jioni, na begi moja. Siku mbili za kwanza nilimwamsha na tukamgeuza mama pamoja, yeye akishika nyonga, mimi mabega. Siku ya tatu mke wangu akaenda kwao Machame, na kaka akaniambia nizime kengele yangu.

Niliizima, lakini mwili haukujua. Saa nane kamili niliamka mwenyewe. Taa ya chumba cha mama ilikuwa inawaka. Nikamsikia kaka akimuuliza kwa sauti ya chini kama ule mto ukae mgongoni au katikati ya magoti, na mama akimjibu polepole, neno moja moja. Nikavuta blanketi, nikarudi kulala.